Bura Tatu na Mkoba Mmoja

Kenya ina Bura tatu, na wapigadebe wa Mombasa wanazijua zote. Ya kwanza iko Tana River, kwenye skimu ya unyunyizaji, ukingo wa magharibi wa mto, baina ya Hola na Garissa. Ya pili iko ng'ambo, upande wa Garissa, katika Fafi. Ya tatu haihusiani kabisa na Mto Tana: iko Taita, kupita Voi na Mwatate, kwenye barabara ya kwenda Taveta.

Mtu wa Nanighi anaporudi kwao kutoka pwani hasemi anaenda Nanighi, kwa sababu ni wachache kule steji waliowahi kulisikia jina hilo. Nanighi ni mahali pa kando ya mto, juu ya Bura ukielekea Garissa, palipotegewa pampu za kuvutia maji ya skimu. Si mji wenye steji yake. Basi msafiri hutaja mji wa karibu unaojulikana, akasema Bura, akaona amejieleza vya kutosha. Kumbe ametoa jina lenye njia mbili zinazopishana tangu pale pale kisiwani Mombasa.

Binti ninayetaka kumsimulia sitampa jina, maana kisa chake nimekiunga kutokana na mambo yanayowafika abiria wengi wa njia hii. Alikuwa akifanya kazi ya nyumbani Likoni. Idd ilikuwa imebakisha siku mbili. Tajiri wake akampa mshahara na ruhusa, naye akavuka feri asubuhi na mkoba mmoja mkubwa wa nguo na baadhi ya zawadi za wadogo zake. Alikuwa ameambiwa magari ya mbali yako Mwembe Tayari, na aliyemwambia hakusema uongo. Ila Mwembe Tayari ndiko yanakojaza magari ya bara: Nairobi, Voi, Taveta. Anayekwenda kaskazini, yaani Malindi, Lamu, Hola au Garissa, hutafuta gari lake upande wa barabara ya Abdel Nasser na Buxton. Kutoka huku hadi huko ni mwendo mfupi wa miguu, na hakuna aliyemwambia autembee.

Hakuwa hata amesimama vizuri alipofikiwa.

"Dada, wenda wapi?"

"Bura."

"Bura hii hapa, yaondoka sasa hivi! Umebakia wewe tu."

Mkono mmoja ulikuwa unaonyesha gari, wa pili umeshaushika mkoba. Binti akaufuata mkoba wake, kama yeyote angelifanya. Gari lilikuwa na watu tisa au kumi ndani, kwa hiyo lilionekana kweli linakaribia kujaa. Akaambiwa nauli ni 1,000 kwa sababu ya msimu wa Idd, akaitoa mkononi, akakaa. Baada ya muda wanne katika wale waliokuwa ndani walishuka mmoja mmoja, huyu kama anakwenda kununua maji, yule kama anapokea simu, wasirudi tena. Hao walikuwa wamekodiwa kukalia viti, ili mgeni adhani gari limebakisha nafasi moja na asipate nafasi ya kufikiri. Gari lilingoja saa nzima na zaidi.

Hapa inafaa tusimame tuangalie kilichotendeka, kwa sababu yule mpigadebe hakutamka neno hata moja la uongo kuhusu mahali gari liendako. Gari lilikuwa la Taveta na lilikuwa linapita Bura. Alichokifanya ni kutouliza Bura ipi. Na hana sababu ya kuuliza. Mpigadebe si mfanyakazi wa gari wala mwenye gari. Hulipwa na kondakta kwa kila kichwa anachokiingiza, na gari likishaondoka kazi yake imekwisha. Ukifika Voi ukilia, yeye yuko Mwembe Tayari na kichwa kingine. Katika ile 1,000 ya binti, kondakta alikabidhiwa nauli ya kawaida ya kufika Bura ya Taita, pungufu sana ya hiyo, na kilichobaki kikaingia mfuko ule mwingine. Ndiyo maana hakupewa tikiti wala risiti: karatasi ingeonyesha kiasi.

Ubavuni mwa matatu ile palikuwa na jibu. Kanuni zilizoanza kutekelezwa 2004, ambazo watu huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilitaka matatu zichorwe mstari wa manjano na njia zinazotumia ziandikwe wazi. Gari lile liliandikwa Mombasa, Voi, Taveta. Binti anajua kusoma. Aliyasoma majina yale wakati anapanda. Akauliza, "Hili lapita Bura?" Akajibiwa, "Lapita, dada, keti." Na kweli linapita.

Swali lile ndilo lililomponza. Ukiliuliza gari kama linapita mahali fulani, umeshampa mpigadebe jibu mdomoni. Kilichobaki kwake ni kutikisa kichwa. Swali linalomfunga ni lile lisilojibika kwa ndiyo: "Gari hili linapitia wapi na wapi?" Kisha unyamaze, usimsaidie. Wa njia ya kaskazini atakutajia Mtwapa, Kilifi, Malindi, Garsen, Hola, kwa mpangilio huo, bila kufikiri. Akianza kutaja Mariakani, umejua. Akikurudishia swali, "Kwani wewe washuka wapi?", umejua vilevile, maana anatafuta jibu la kukurudishia. Na ukishaingia, muulize jirani yako wa kiti anashuka wapi kabla hujamwambia unakoshuka wewe. Abiria wawili watatu wakikutajia Maungu, Voi na Mwatate, chukua mkoba wako ushuke, hata kama umeshalipa, kwa kuwa hapo mpigadebe bado yuko steji na pesa bado zinadaika.

Gari likaondoka. Kisiwa cha Mombasa kina rehema moja kwa mgeni: njia zake za kutokea ziko mbali mbali na hazifanani. Anayekwenda Tana River lazima avuke daraja la Nyali, bahari chini yake, kisha Kongowea, Bamburi, Mtwapa. Anayekwenda Voi hupita Makupa, akatokea Changamwe penye malori, makontena na matangi ya mafuta. Yaani ndani ya robo saa ya kwanza, kama barabara haina msongamano, msafiri ambaye hajui kitu kingine chochote anaweza kujua kama amekosea. Kushuka Changamwe ni hasara ya nauli na kurudi kidogo. Kushuka Voi ni hasara ya siku.

Binti hakujua alama hizo. Alichogundua ni kwamba barabara inapanda, na bahari imepotea. Walipofika Mazeras akamuuliza mzee aliyekaa naye.

"Mzee, Malindi tunafika saa ngapi?"

"Malindi? Mwanangu, hili ni la Taveta. Wenda Bura ya wapi?"

"Bura ya Tana."

Yule mzee alimsemea kwa kondakta. Kondakta akajibu kwamba pesa hakupokea yeye kwa binti, amepewa nauli yake halali na aliyemleta, na kama anataka kushuka milango iko wazi. Ukali wake ulikuwa mbaya, lakini katika hesabu alikuwa amesema kweli, na hili ndilo linalowachanganya wengi: pesa ukimpa mtu wa chini, aliye ndani ya gari hana deni lako. Lipa ndani ya gari, kwa kondakta, au dirishani kwenye ofisi. Baina ya hizo mbili hakuna mahali pa tatu pa kulipia.

Mzee huyo alimfaa kwa jambo lingine. Alimwambia asirudi Mombasa. Mariakani kuna barabara inayochepuka kwenda Kaloleni, ikatokea Mavueni karibu na Kilifi, na Mavueni iko kwenye barabara kuu ya Malindi. Magari madogo yapo. Binti akashuka Mariakani, akapanda la Kaloleni, akalipa hadi Kaloleni tu. Kaloleni akalipa hadi Mavueni tu. Alifika Malindi jioni, amechoka, vumbi mwili mzima.

Na uchovu una bei yake. Mabasi mengi ya njia ya Tana hupita Malindi asubuhi, maana barabara ni ndefu na ina historia ya mashambulizi, hasa upande wa Lamu, na wenye magari hupenda kuimaliza mchana. Kwa hiyo anayeingia Malindi jioni anajua lazima alale, na wanaowinda abiria wanajua kwamba anajua. Nje ya ofisi moja ya basi alikuwa amesimama kijana wa shati safi lenye jina la kampuni kifuani na kitabu cha risiti mkononi.

"Kesho alfajiri, Garsen, Hola, Bura, Garissa. Kiti kimoja kimebaki. Ofisi imefunga, ndiyo naandikia hapa nje."

Huyu alitaja miji kwa mpangilio sahihi, kwa hiyo lile swali la "linapitia wapi na wapi" lisingemsaidia binti hapa. Alitaka 1,500, akatoa namba ya simu ya kutumiwa. Binti akatuma, akapewa karatasi yenye jina lake, neno Bura, sahihi na muhuri. Akaondoka na moyo umetulia.

Alirudi pale baada ya kuswali Magharibi, kuuliza saa kamili ya basi, akakuta dirisha liko wazi na karani yuko ndani. Ofisi haikuwa imefunga. Yule kijana alikuwa amesimama tu kwenye pembe ambayo dirisha halionekani. Karani akaitazama ile karatasi akamrudishia. Haikuwa tikiti yao. Mbele ya binti alikuwa amesimama mama wa makamo wa Hola, mfanyabiashara wa maembe anayekwenda na kurudi njia hii msimu baada ya msimu, akaomba aione.

"Hebu nionyeshe kiti nambari ngapi hapa," akasema. Hapakuwa na nambari ya kiti. Hapakuwa na nambari ya basi, wala saa ya kuondoka, wala nambari iliyopigwa chapa juu ya karatasi, ile inayopanda moja moja kutoka tikiti hadi tikiti. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha risiti cha dukani, kile kile anachotumia muuza viatu, ikapigwa muhuri. Yule mama akaitoa tikiti yake mwenyewe akaziweka pamoja kwenye ubao wa dirisha, na tofauti haikuhitaji maelezo.

"Na meseji ya pesa? Isome."

Kwenye simu, ujumbe wa M-Pesa ulisema `sent to`, likafuata jina la mtu na nambari ya simu. Ukilipia kwenye till ya biashara, ujumbe husema `paid to`, na linalofuata ni jina la biashara. Ukitumia paybill utaona `sent to` pia, lakini baada yake huja jina la kampuni na `for account`. Hizi ni herufi chache, na zinatosha kukuambia umemlipa nani. Tena hukuhitaji kungoja hadi pesa ziondoke: M-Pesa hukuonyesha jina la anayetumiwa kabla ya kumaliza, ikakupa muda mfupi wa kusimamisha. Binti aliliona lile jina. Aliona ni jina la mtu, akadhani ni la karani.

Niseme hapa kwamba till peke yake haimsafishi mtu, kwa kuwa tapeli naye anaweza kuwa na duka na till. Kinachotakiwa ni jina la kwenye simu lilingane na jina lililoandikwa dirishani, na tikiti itolewe na aliye ndani ya dirisha, sio aliyesimama mbele yake. Shati lenye jina la kampuni, sare ya rangi ya damu ya mzee ya kondakta, hata muhuri, vyote hununuliwa.

Mama wa maembe akamwambia aupeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, na binti akafanya hivyo hapo hapo. Pesa hazikurudi. Maombi ya aina hiyo hufaulu ikiwa pesa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Na tapeli wa steji huwa na mwenzake aliyesimama kwa wakala, anatoa mara tu zinapoingia. Lililomshinda binti ni zile saa mbili alizokaa ametulia. Lau angeupeleka ujumbe akiwa bado amesimama karibu na yule kijana, angekuwa na nafasi. Akatuma pia malalamiko kwa 333, ambayo hupokea taarifa za ulaghai, kisha yule mama akamsindikiza kituo cha polisi jambo likaandikwa kwenye OB, akapewa nambari yake. Nambari ya OB haikurudishii pesa usiku ule. Lakini malalamiko kumi ya nambari moja ya simu ni kesi, na malalamiko yasiyoandikwa ni hadithi za barazani.

Usiku huo alilala kwa jamaa wa yule mama. Na kabla ya kulala mama alimwambia mambo mawili, ambayo mimi nayaona ni bora kuliko maonyo yote yaliyobandikwa ukutani.

"Mwanangu, usimwambie mtu wenda wapi. Atakayekuuliza, mwambie namngoja ndugu yangu. Kisha simama kando uangalie gari, sio mtu. Gari lina maandishi, lina nambari, lina watu ndani walio na mizigo ya safari. Mpigadebe hana kitu ila mdomo."

La pili lilihusu mkoba. Mkoba hauingii kwenye buti kabla mwenyewe hajakaa, akajua kiti chake na kuipiga picha namba ya gari. Anayekunyang'anya mkoba kwa heshima, akikuita dada, amekwisha kukuamulia gari. Neno la kumwambia ni fupi na halina matusi: "Niache nibebe mwenyewe." Ukilisema kwa sauti ya kusikika na jirani, wengi huachia, maana hawapendi kutazamwa.

Asubuhi alinunua tikiti dirishani, kiti nambari tisa, wakavuka Sabaki. Kituo cha Minjila mama akamwonyesha jambo lingine ambalo limewakwaza wengi. Pale barabara ya Lamu hukata kulia, kabla hujafika Garsen. Kuna abiria wa Tana wanaouziwa Malindi nafasi kwenye gari la Lamu kwa maneno kwamba "litakushusha Garsen, utaunganishiwa". Litamshusha Minjila, njia panda, na wa kumuunganishia hatamwona. Nauli ya kuunganishiwa ambayo imelipwa yote mbele ni pesa ya kuomba baadaye, na unaiomba kwa mtu asiyekujua. Ni afadhali mara tatu kulipa vipande: hadi linapoishia gari hili, kisha hadi linapoishia jingine, kama alivyofanya binti mwenyewe Kaloleni bila kufundishwa.

Kanuni hiyo ya vipande huonekana uzito wake mto unapofurika. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Tana yaliikata barabara upande wa Madogo, na wasafiri wakawa wanavushwa kwa boti baina ya Garissa na upande wa pili. Tarehe 28 Aprili 2024 boti moja lilipinduka Kona Punda, watu wakafa maji. Siku za namna hiyo mtu asinunue tikiti ya safari nzima kwa neno la kwamba "tutavushana". Alipe hadi ukingoni, auangalie mto na boti kwa macho yake, ahesabu watu waliomo na makoti ya kuokolea, na awe bado na pesa yake mfukoni ya kuamua kurudi. Aliyelipa yote huvuka kwa sababu amelipa.

Binti alishuka Bura saa za alasiri, akapatana bei na bodaboda kabla hajapanda, akafika Nanighi. Nusu ya zawadi za wadogo zake alikuwa amezitoa kwa mdomo tu, kwa pesa zilizobaki Mombasa na Malindi.

Wanaokuja kutoka upande wa pili, Garissa, nao wana mtihani wao, kwa kuwa Bura mbili zilizobaki ziko kila moja ukingo wake, na Nanighi iko baina ya Garissa na Bura, penye mto huo huo. Pale steji ya Garissa usiulize kama gari ni la Bura. Uliza kama linavuka daraja. Likivuka likaingia Madogo, uko Tana River, na hiyo ni Bura ya skimu. Likibaki upande wa Garissa likateremka kusini, hiyo ni ya Fafi. Ukikosea hapo hutapotea mbali. Utashuka ukiuona upande wa kwenu kwa macho, na mto katikati.